Nyusi za kuchanja: je, kinachofifia si chale?



Tangu muhula huu uanze, swali moja limerudi mara tatu katika darsa letu la akina dada. Linahusu nyusi za kuchanja, zile wanazoziita maikrobledingi. Saluni zinazozifanya zimeanza kuonekana hata huku kwetu Gasenyi, si katikati ya mji wa Bujumbura peke yake. Muulizaji huwa na jibu lake tayari mkononi: "Dada, hii si tatuu. Inafifia baada ya mwaka mmoja au miwili. Kilichokatazwa ni kile cha kudumu." Jibu hilo si la kupuuzwa, kwa sababu lina mzizi katika vitabu vyetu. Ila lina sehemu mbili. Moja ni ya fiqhi, na nyingine ni ya ngozi, na hii ya pili ndiyo ambayo watu huipokea kwa fundi bila kuichunguza.

Nianze na fiqhi, kwa ufupi, maana wengi mnaijua. Hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim inataja laana juu ya mwanamke anayechanja chale na anayechanjwa, anayenyoa nyusi na anayenyolewa, na wanaochonga mianya kati ya meno kwa ajili ya urembo, na inaeleza kuwa wanabadilisha maumbile ya Allah. Mtajikumbusha pia kisa cha Ummu Ya'qub wa Bani Asad aliyemwendea Ibn Mas'ud kumhoji juu ya maneno hayo. Mimi hukipenda kisa hicho kwa sababu mwanamke anauliza swali gumu na anajibiwa, hafukuzwi.

Wale wanaotetea nyusi zinazofifia wana tegemeo lao. Imam Qurtubi, aliyefariki mwaka 671 Hijria, katika tafsiri yake ya aya ya 119 ya Suratun-Nisaa anataja kauli ya kwamba katazo linahusu kile kinachobaki mwilini, kwa kuwa hicho ndicho kubadilisha maumbile, na kwamba kisichobaki, kama wanja, wanazuoni wamekiruhusu kwa wanawake. Kwa hiyo ndugu zetu hawakulitunga jambo hili. Lakini tazama mfano uliotolewa hapo. Ni wanja, kitu kinachokaa juu ya ngozi na kutoka kwa maji na mafuta. Swali basi si "je, inafifia?" Swali ni kama maikrobledingi iko upande wa wanja au upande wa chale. Na hilo hatulijui kwa kusoma Qurtubi. Tunalijua kwa kutazama kinachofanyika kwenye kiti cha saluni.

Fundi huanza kwa kupima uso, mara nyingi kwa uzi uliopakwa rangi, na kuchora umbo la nyusi kwa kalamu. Nywele zinazobaki nje ya umbo hunyolewa au hung'olewa. (Hapa tayari tumeshaingia katika mlango wa pili wa hadithi ileile, kabla hata ya kugusa rangi, na ni ajabu kwamba hakuna anayeuliza juu ya hilo.) Kisha hupakwa krimu ya ganzi, yenye dawa ya lidokeini, na mteja husubiri nusu saa hivi. Baadaye fundi huchukua kishikio kama kalamu, chenye safu ya sindano ndogo sana zilizopangwa zikafanana na wembe wa mshazari. Kwa kishikio hicho anachora mistari mmoja mmoja, kila mmoja ukifuata mwelekeo wa unywele. Kila mstari ni mkato. Rangi hupakwa juu ya mikato, huachwa dakika chache izame, hufutwa, na mistari hurudiwa. Kazi yote huchukua kama saa mbili.

Mikato hiyo inafika wapi? Ngozi yetu ina tabaka la juu, jembamba kama karatasi, ambalo halina mishipa ya damu na linajimenya na kujijenga upya muda wote. Chembe zinazozaliwa chini yake hupanda juu, hufa, na kuanguka kama vumbi. Safari hiyo huchukua takriban wiki nne hadi sita. Chini ya tabaka hilo ipo ngozi ya ndani, yenye damu, ambayo haimenyeki.

Hina na piko hukaa katika ganda la juu kabisa, lile lililokwisha kufa, ndiyo maana hina ya mkononi huondoka ndani ya wiki mbili au tatu bila mtu kufanya lolote. Sasa pima kwa kipimo hicho hicho. Kama rangi ya nyusi ingekuwa katika tabaka la juu, isingeweza kuvuka mwezi mmoja na nusu. Fundi anayekuahidi kwamba itakaa mwaka mzima anakueleza, bila kujua, kwamba ameipeleka kwenye ngozi ya ndani. Hakuna mahali pengine pa kuikalisha. Ahadi ya mwaka na madai ya kwamba "iko juu juu tu" haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, miaka mitano tu baada ya Qurtubi, anaieleza chale katika sherehe yake ya Sahih Muslim hivi kwa maana: sindano huchomwa katika ngozi mpaka damu itoke, kisha mahali hapo hujazwa wanja au chokaa hadi pageuke kijani. Soma maelezo hayo kisha soma tena yale ya saluni. Kilichobadilika ni chombo na chupa ya rangi. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kupata mfano wa mikato ya mkono. Wamakonde wa Msumbiji na kusini mwa Tanzania walichora nyuso zao kwa njia ileile: mikato mifupi ya kisu kidogo, masizi yakasuguliwa ndani, na kazi ikarudiwa ili rangi ikolee. Wazee waliochorwa wakiwa wasichana wamezeeka nazo, na rangi yake imekuwa ya buluu. Hakuna anayeziita za muda.

Hapo mtu ataniambia: lakini za saluni zinafifia kweli, nimeona kwa macho. Ni kweli. Zinafifia kwa sababu rangi huwekwa kidogo, karibu na juu, na aghalabu ni rangi zisizodumu kama masizi. Lakini kufifia si kuondoka, na hapa naomba subira yenu kidogo.

Rangi ikiingia katika ngozi ya ndani, mwili huiona ni mgeni. Seli walaji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, huzimeza chembe za rangi lakini haziwezi kuzisaga zile kubwa. Basi hukaa nazo tumboni, na ndizo tunazoziona kama rangi. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa, rangi huachwa wazi kwa muda kisha humezwa na seli mpya palepale. Kwa maneno mengine, mlinzi anabadilishwa lakini mfungwa ni yuleyule. Chembe ndogo zaidi huchukuliwa na majimaji ya mwili hadi kwenye tezi za karibu, na jua huzivunja baadhi ya rangi. Hicho ndicho tunachokiita kufifia: sehemu imehama, sehemu imevunjika, na sehemu imebaki.

Na kinachobaki hakibaki na rangi yake. Kahawia ya nyusi si rangi moja. Mara nyingi ni mchanganyiko wa oksidi za chuma, ndugu wa kutu: njano, nyekundu na nyeusi. Hazitoki kwa mwendo mmoja. Nyekundu mara nyingi ndiyo hung'ang'ania, na hapo nyusi huwa na wekundu wa tofali. Zilizotengenezwa kwa kaboni, ambayo ni masizi kwa jina la kisasa, huelekea kijivu au buluu, hasa kama mkato ulikwenda chini mno, kwa sababu kitu cheusi kikitazamwa kupitia ngozi huonekana buluu, kama mshipa wa mkono. Kijani cha Nawawi na buluu ya Wamakonde vinatoka katika sababu hiyo hiyo.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo letu la ziada. Rangi iko chini ya weusi wetu wenyewe, kwa hiyo tunaiona kupitia pazia, na mistari myembamba inayopendeza kwenye picha za wazungu kwetu hupotea mapema. Ngozi yenye mafuta mengi huifanya mistari itanuke na kuungana. Ndipo mteja hurudi baada ya mwaka "kukolezwa", na fundi huchanja juu ya mabaki. Mwaka wa pili vilevile. Baada ya mara tatu au nne hakuna tena mistari, pana doa moja lililojaa rangi, na doa hilo halifuati tena hesabu ya mwaka mmoja. Hivyo kitu kilichoingia kwa jina la muda kinakuwa cha kudumu kwa kurudiwa.

Binti wa mama yangu mdogo, anayeishi nasi Gasenyi, alikuwa anaolewa. Nyusi zake ni chache tangu utotoni, na saluni ilimpangia kuchanjwa wiki mbili kabla ya nikahi. Tulikaa na kalenda, yeye na mimi, bila kutaja haramu wala halali kwanza. Siku nne za mwanzo nyusi huwa nyeusi mno na zimevimba kidogo. Kuanzia siku ya tano hadi ya kumi magamba hutoka. Baada ya magamba rangi huonekana kama imetoweka, kwa sababu ngozi mpya bado ni nzito na haijatulia, na hurudi kuonekana karibu na wiki ya nne. Kati ya wiki ya sita na ya nane fundi hujaza palipokosa. Kwa hiyo siku ya nikahi yake ingeangukia katika kipindi kile cha kupauka, vipande vimeshika na vipande havijashika. Fundi hakumwambia hilo.

Kisha tukafika kwenye karatasi ya maagizo aliyopewa: asiloweshe nyusi kwa siku kumi. Nikamuuliza, "Na udhu?" Akanyamaza, akahesabu. Siku kumi ni sala hamsini za faradhi. Kuosha uso ni nguzo ya udhu, na nyusi zimo ndani ya mpaka wa uso. Ni kweli kwamba mwenye jeraha ambalo maji yataliumiza ana njia: katika madhehebu yetu ya Shafi'i ataosha sehemu nzima na atatayamamu kwa ajili ya ile isiyooshwa. Ila ruhusa hiyo imewekwa kwa aliyepatwa na jeraha. Kujitia jeraha kwa pesa zako, kwa ajili ya pambo, kisha kuishi kwa ruhusa ya mgonjwa kwa sala hamsini, nafsi yangu inaliona zito hata kabla ya kuifikia laana ya hadithi. Baadhi ya mafundi siku hizi huelekeza kusafisha taratibu kwa maji safi na kukausha kwa kugusa bila kusugua, kwa hiyo maagizo ya ukavu si ya lazima kila mahali. Lakini ni swali ambalo Muislamu analo peke yake, na hakuna fundi atakayemuulizia.

Kwa nyusi zake yeye, zisizo na ugonjwa, mimi sioni mlango. Hoja ya ufifiaji ilikuwa mlango pekee, na ngozi yenyewe imeufunga. Sisemi hivyo nikijifanya mufti. Nasema kama mwanafunzi aliyezisoma kauli na kuufuata mkato hadi unakofika.

Wapo wengine ambao hoja yao si ufifiaji. Jirani yetu mmoja alipoteza nyusi zote mbili kwa ugonjwa, na mtaani watoto humkodolea macho. Kwake nisingeanza na hadithi ya Ibn Mas'ud. Ningeanza na riwaya ya Ibn Abbas (r.a.) katika Sunan Abi Dawud, ambamo baada ya kutajwa hao waliolaaniwa, pamoja na wenye kuchanjwa, kumewekwa sharti la kutokuwepo maradhi. Na ipo hadithi ya Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyepoteza pua katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha ikaoza harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu, juu ya kuwa dhahabu kwa mwanamume imekatazwa. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wamejenga juu ya hayo kwamba kuondoa aibu ya ugonjwa si sawa na kutafuta uzuri wa ziada. Wengine husema kwanza atumie wanja na nyusi za kubandika, maana dharura huondolewa kwa kilicho chepesi. Mimi naielewa kauli ya pili, lakini siwezi kumlaumu anayefuata ya kwanza.

Kwa mtu wa namna hiyo, akishaelekezwa na mwanachuoni anayemwamini, maswali ya saluni ndiyo yanayobaki, na si mengi. Aombe kuona picha za nyusi zilizopona na kutimiza mwaka, za watu weusi kama yeye. Picha iliyopigwa mteja akiwa bado kitini haionyeshi chochote. Aombe chupa ya rangi aisome: kama ni oksidi za chuma au kaboni, tarehe ya kuisha, na namba ya toleo. Chupa isiyo na maandishi haifai hata ikiwa bei ni nzuri. Umoja wa Ulaya uliweka mipaka ya maelfu ya kemikali katika rangi za kuchanja kuanzia Januari 2022, na rangi zilizotengenezwa kabla ya hapo bado zinaweza kukutwa rafuni. Wembe ufunguliwe mbele yake na utupwe mbele yake, kwa sababu homa ya ini ya B na C na virusi vya ukimwi hupita kwenye damu kidogo sana. Ajichunguze pia mwenyewe: ambaye tundu la sikio lake liliota kovu nene asiruhusu mikato usoni, na anayetumia mikorogo yenye steroidi ana ngozi nyembamba ambayo wembe utapita chini kuliko fundi anavyokusudia. Damu ikitiririka badala ya vitone, mkato umezidi. Rangi itasukumwa nje na damu, na itakayobaki itakuwa kijivu.

Na aulize itatokaje. Watu hudhani leza hufuta kila kitu. Rangi zenye oksidi ya chuma au nyeupe ya titani zinaweza kugeuka nyeusi papo hapo zikipigwa leza, na kwenye ngozi nyeusi leza ileile inaweza kuacha mabaka meupe au meusi. Kuondoa huchukua vikao vingi, na mara nyingi halitoki lote.

Hilo linawagusa pia dada ambao walishachanjwa na sasa wanasoma makala haya kwa wasiwasi. Nawawi analizungumzia jambo lao. Kwa muhtasari anasema kwamba kama inawezekana kuiondoa kwa matibabu, iondolewe. Kama haitoki ila kwa kujeruhi, na panahofiwa kupotea kiungo au kazi yake, au kubaki na kasoro mbaya mahali panapoonekana, si wajibu, na toba inatosha. Uso ndio mahali panapoonekana kuliko pote. Kwa hiyo msikimbilie leza kwa hofu kabla ya kumwona daktari wa ngozi na mwanachuoni. Udhu wenu na josho lenu ni sahihi, kwa kuwa maji hufika juu ya ngozi na rangi iko chini yake. Mnachoweza kuacha leo ni kwenda kukolezwa tena.

Binti wa mama mdogo aliuliza kama anaweza kutumia hina ya nyusi. Inayotokana na jani hutia rangi nywele kwa wiki kadhaa na ngozi kwa siku chache, na rangi yake ni ya udongo mwekundu, haiwi nyeusi. Ikiwa imeuzwa kama hina nyeusi na inakolea kwa nusu saa, basi ndani yake mna dawa ya kutia nywele weusi, ileile iliyomo katika piko, ambayo huwababua baadhi ya watu hadi malengelenge. Alipaka kidogo nyuma ya sikio, akangoja siku mbili, hakuwasha. Nyusi zake zilikuwa chache siku ya nikahi kama zilivyo siku zote, zenye wekundu kidogo, na mama yake alizijazia kwa wanja.